Kichwa kinagonga kila nikienda harusini, vizibo vya masikio vinasaidia kweli?

"Shikamoo dokta. Mi ni mpambaji wa kumbi, karibu kila Jumamosi niko kwenye harusi au sendofu. Mziki ukishakolea, kama saa tatu usiku hivi, kichwa upande wa kushoto kinaanza kugonga, natapika, na hakiachi mpaka kesho yake mchana. Kaka angu ana karakana ya samani Keko akanipa vile vidude vya njano vya kuziba masikio, nikavivaa wala sikuona tofauti, pamba nayo nimejaribu wapi. Ni kelele kweli au niende nikapigwe picha ya kichwa? Na hivi vidude vinafanyaga kazi?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana, kutapika huku una vitambaa mia tatu vya viti vinakusubiri uvivue usiku si mchezo.

Nianze na hiyo picha ya kichwa maana nahisi ndo inakutisha kuliko mengine. Kichwa kinachogonga upande mmoja, kinazidi ukiinama au ukipanda ngazi, kinakuja na kutapika na kuchukia kelele na mwanga, afu kinakaa masaa, hicho ndo kipandauso, na kisipotibiwa kinaweza kukaa masaa 4 mpaka 72. Siti skani haioni kipandauso, picha itatoka safi na hela yako imeenda. Daktari anakitambua kwa kukusikiliza unavyoelezea na kukukagua, kwa iyo nenda ukaonwe mara moja ili kijulikane rasmi, ila usikimbilie mashine. Mashine na haraka ni kwa mtu ambae kichwa kimemjia ghafla kikafika kilele ndani ya dakika moja, au ana homa na shingo imekakamaa, au mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito, haoni vizuri, au ana mimba, au kapita miaka 50 na hajawahi kuumwa kichwa cha namna hii. Likitokea mojawapo ya hayo ni hospitali siku iyo iyo, sio kusubiri harusi iishe.

Sasa kelele. Ndio, zinaweza kabisa kuamsha kipandauso, na sababu yake haiko sikioni, iko kwenye ubongo. Mtu wa kawaida akikaa na kelele ile ile kwa muda ubongo wake unaizoea, unaipuuza, ndo maana unaona watu wanapiga stori mita mbili kutoka kwenye spika kama wako barazani. Ubongo wa mtu mwenye kipandauso mara nyingi hauzoei, kila dundo la besi unalipokea kama jipya, inajikusanya inajikusanya mpaka mishipa ya fahamu inayohusika na maumivu ya uso na kichwa inaamka. Ndo maana kichwa chako hakianzi saa moja mnapofungua ukumbi, kinaanza saa tatu. Ni kama ndoo chini ya bomba linalovuja, haijai kwa tone la kwanza.

Ila kuna kitu kinachanganya watu wengi hapa. Kuchukia kelele kunaweza kuwa sababu ya kichwa lakini pia kunaweza kuwa dalili kwamba kichwa kimeshaanza safari. Masaa kadhaa kabla ya kugonga, wengine hata siku moja kabla, mtu anaanza kupiga miayo bila usingizi, shingo inakaza, anakuwa na hasira za hovyo, anatamani vitu vitamu, na sauti ndogo tu kama sahani kugongana inamkera. Jiulize zile Jumamosi mbaya ulikuwaje saa nane mchana mnafunga mapambo. Kama kijana anayepigilia stendi ya maua alikuwa tayari anakukera na shingo inavuta, basi siku iyo mziki ulikuta gari liko mlimani, ukalisukuma tu. Hizo siku vizibo havitazuia kichwa, labda vitapunguza ukali wake tu. Lakini kama ulikuwa mzima kabisa mpaka mziki ulipowaka, hapo ndo vizibo vina kazi kubwa.

Tuongelee sasa hizo kelele ni kiasi gani, na nitatumia namba chache tu. Sauti inapimwa kwa desibeli. Masikio yanavumilia desibeli 85 kwa masaa 8 kwa siku, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, kwa iyo 88 ni masaa 4, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, na 100 ni robo saa. Hicho ni kipimo cha kulinda usikivu, sio cha kuzuia kichwa, na mwenye kipandauso anaweza kuzidiwa hata chini ya hapo, lakini kinakupa picha. Mimi kwenye sendofu ya binti wa dada angu nilikalishwa meza ya ndugu, heshima kweli, ila meza yenyewe iko ubavuni mwa sabufa mbili zimepandana. Nikatoa simu yenye apu ya kupimia sauti ikawa inacheza kwenye 97, na emsii akishika maiki kuita vigelegele inaruka juu zaidi. Simu sio kipimo cha uhakika, inaweza kukosea desibeli kadhaa, lakini hata ikosee, nusu saa ya masikio yangu iliisha kabla maharusi hawajaingia. Kama huna apu, kipimo cha bure ni hiki, ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie basi umeshapita 85.

We mpambaji unaumia zaidi ya mgeni kwa sababu ya sehemu unayosimama. Unazunguka pale stejini kunyoosha kitambaa cha maharusi, kuweka sawa maua yaliyoguswa na shela, na spika zimepangwa pande mbili za steji hiyo hiyo. Mahali pa wazi ukiongeza umbali wako na spika mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, nyingi tu, ila ndani ya ukumbi wa vigae na vioo na dari la jipsamu sauti inagonga inarudi, kwa iyo ukihamia meza ya nyuma utapata nafuu kidogo kuliko ulivyotegemea, wakati ukitoka nje parking ukafunga mlango utaona kichwa kimepumua. Kwa hiyo ukimaliza kazi ya steji usikae ndani kwa ukarimu, toka nje.

Haya, kwa nini vidude vya Keko havikukusaidia. Nina uhakika wa karibu asilimia mia vilikuwa vimening'inia mlangoni mwa sikio. Hili naliona kila wiki, mtu anachukua ile sponji anaisukuma na kidole kama anaziba chupa, inagoma, anaiacha nusu iko nje. Ikikaa hivo inapunguza sauti kali kali za juu tu na besi inapita kama mlango uko wazi. Inavaliwa hivi: nawa mikono kwanza, mikono ya mpambaji ina gundi na glita na hiyo glita hutaki iende sikioni. Sokota sponji taratibu kati ya vidole mpaka iwe nyembamba kama utambi wa koroboi, isiwe na mikunjo. Afu mkono wa pili upitishe juu ya kichwa ulishike sikio uvute juu na nyuma, kwa sababu njia ya sikio imepinda na ukivuta hivo inanyooka, ingiza sponji haraka kabla haijavimba, halafu ishikilie kwa ncha ya kidole ukihesabu mpaka 30. Hapo kwenye kushikilia ndo wengi wanaharibu, wanaachia baada ya sekunde tatu, sponji inavimba ikijisukuma yenyewe nje.

Imekaa vizuri utajuaje? Mtu akikuangalia usoni kwa mbele asiione ikichomoza. Hesabu moja mpaka tano kwa sauti ya kawaida, sauti yako mwenyewe iwe nzito kama unaongelea ndani ya pipa, kwa masikio yote mawili sawa. Na mziki ukiwa unapiga funika masikio kwa viganja vyako kwa nguvu kisha achia, kama kuna tofauti kubwa maana yake kizibo kinavuja, kitoe urudie. Kukitoa zungusha taratibu huku unavuta, usinyofoe. Na sikio linalotoa usaha au lenye ngoma iliyotoboka usiliwekee kitu chochote mpaka lionwe.

Pamba sitaongea sana, pamba ina hewa ndani, sauti inapita, achana nayo. Na usiiloweshe mafuta kama wanavyofanya wengine, unaweza kuacha vipande ndani.

Lakini hata ungeivaa sponji vizuri, nadhani ungeivua. Na hili ndo kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Sponji iliyokaa sawasawa inakata sana, hasa sauti za juu zinazobeba maneno, mziki unakuwa kama unapigwa nyumba ya pili, mwenye harusi anakuja kukwambia taa ya backdropu imezima husikii, unaivua uongee nae, anakuja kijana wako, unaivua tena, saa tatu na nusu ziko mfukoni. Sasa sikiliza hesabu yake inavyouma: kizibo cha hata desibeli 30, ukikivaa nusu tu ya muda wa kelele, kinga uliyopata kwa usiku mzima ni desibeli 3. Tatu tu. Kwa sababu ile nusu ya muda uliyokaa wazi ndo inabeba karibu dozi yote. Ukikivua dakika 24 tu ndani ya masaa manne huwezi kuvuka kinga ya desibeli 10 hata kizibo kiwe cha dhahabu.

Kwa iyo kwa kazi yako mi nisingekupa kile chenye nguvu kuliko vyote, ningekupa kile ambacho hutakivua. Kuna vile vya silikoni vyenye visahani vitatu kama mti wa krismasi na katikati kuna kijibomba chenye kichujio, wanavitumia wapiga vyombo na madijei wanaojipenda. Vinashusha sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana, kama desibeli 15 mpaka 20, kwa iyo mziki unabaki mziki, mdogo tu, na mtu akikuinamia kidogo unamsikia anasema nini. Vinaoshwa kwa maji na sabuni unatumia miezi. Kwenye maduka ya vyombo vya mziki Kariakoo ulizia, wengine wanaagiza mtandaoni. Angalia kwenye paketi namba ya desibeli ambazo kizibo kinapunguza, iko baada ya herufi SNR au NRR, ila hiyo ni ya maabara ambako kila mtu kavalishwa kwa ustadi, kwa sponji mimi huwa naambia watu wahesabu nusu yake ndo wasijidanganye.

Tuifanyie hesabu harusi yako. Ukumbi uko 97, unakaa ndani kuanzia saa moja mpaka saa sita usiku, masaa matano, wakati posho ya masikio ni nusu saa. Vaa vichujio vinavyokupa kweli desibeli 15, sikioni inafika 82. Hapo uko chini ya mstari wa 85 usiku mzima na bado unamsikia emsii akiita kamati. Sponji ikikaa vizuri labda ingekushusha mpaka 72 hivi, ambayo ni sauti ya mtu anaongea kwa nguvu kidogo, ni nzuri kwa fundi wa mashine, kwako inakufanya kiziwi katikati ya kazi.

Kitu kimoja vizibo haviwezi, hicho nisikufiche. Besi nzito inaingia pia kwa kifua na mifupa, ile unahisi mbavu zinacheza na glasi mezani inatembea, hiyo haipiti sikioni peke yake. Dawa yake ni kutosimama mbele ya sabufa, basi. Ongea na dijei wakati mnafunga vyombo mchana, sio saa tatu usiku akiwa amepagawa, mwambie sabufa isogezwe isikae nyuma ya meza yako ya vifaa. Wengi wanakubali, na asipokubali sogeza meza.

Muda wa kuvaa. Vaa kabla. Sio kichwa kikianza kugonga, kabla mziki haujapanda, na kama kuna matarumbeta ya kuwaingiza maharusi vaa kabla hayajafika getini, maana matarumbeta hayana kitufe cha kupunguza na yanapita sentimita chache na sikio lako. Kichwa kikishaanza, vizibo vinakupa faraja lakini havikirudishi kilikotoka. Hapo ndo unameza dawa ya maumivu mapema, ndani ya nusu saa ya kwanza, sio baada ya kutapika ambapo tumbo haliifyonzi vizuri. Dawa gani na kiasi gani ongea na daktari au mfamasia kulingana na tumbo lako, presha, figo na kama una mimba. Ila hesabu siku: dawa za kawaida kama panadol zikifika siku 15 kwa mwezi, au zile za mchanganyiko zikifika siku 10, na ukaendelea hivo miezi mitatu, dawa yenyewe inaanza kuleta kichwa cha kila siku.

Na sasa niwe mkweli, harusi ya Dar haina kelele peke yake. Umeamka saa kumi na moja alfajiri kufuata maua, hujala tangu vitumbua vya asubuhi kwa sababu chakula cha ukumbini kinatoka saa nne na wapambaji mnakula mwisho, joto, taa zinazopepesa zile za kuzunguka, moshi wa kuchezea maharusi, na nywele. Ndio nywele. Wigi lenye lastiki ya kubana au kilemba kilichokazwa masaa manane kinaweza kuleta kichwa chenyewe bila hata mziki, hicho kinaanza pale panapobanwa na kinaisha ndani ya kama saa moja ukivua. Cha kwako kinaendelea mpaka kesho mchana kwa iyo sio wigi peke yake, ila kwa mtu wa kipandauso linaweza kuongeza tone kwenye ndoo.

Ili tujue kelele inachangia kiasi gani ningependa ufanye hivi harusi nne zijazo. Katika zote kula chakula cha maana saa kumi na mbili jioni, hata wali maharage wa nje ya geti, na chupa ya maji iwe mkononi, hilo usilibadilishe. Harusi mbili vaa vichujio tangu mwanzo na usivivue ndani. Harusi mbili fanya ulivyozoea lakini toka nje kila ukimaliza kazi. Andika kwenye simu vitu vinne tu: saa kichwa kilipoanza, kilifika ngapi kati ya kumi, ulipiga miayo au shingo kukaza kabla ya mziki, na masikio yalilia baada ya hapo au hapana. Hedhi nayo iandike kama iko karibu maana inaamsha sana. Ukikuta kwenye zile mbili za vichujio kichwa hakikuja, au kimekuja saa sita badala ya saa tatu na kimefika nne badala ya tisa, kelele ni mshitakiwa mkuu. Ukikuta hamna tofauti kabisa, anza kuzichunguza taa na usingizi. Harusi nne sio nyingi, inaweza kukudanganya, ila ni bora kuliko kukisia. Na kama vichwa vinafika siku nne au zaidi kwa mwezi, hiyo peke yake ni sababu ya kuongea na daktari kuhusu dawa ya kuzuia ya kila siku, usiviachie vizibo kazi yote.

Onyo moja la upande wa pili, maana nimeona wagonjwa wamefika huko. Ukishapata raha ya ukimya utatamani kuvaa vizibo kwenye daladala, sokoni, nyumbani watoto wakicheza, mpaka kulala. Usifanye hivo. Sikio likinyimwa sauti za kawaida siku nyingi ubongo unajiongezea volyumu wenyewe, ndani ya wiki mbili tu unaweza kuanza kuona mfuniko wa sufuria unapiga kelele kama kengele. Vizibo ni vya ukumbini, ukitoka getini vua.

Masikio yakilia au yakiwa kama yamezibwa baada ya harusi, kawaida yanarudi ndani ya siku moja au mbili, lakini yakiwa yanalia kila Jumapili, au yakapita siku mbili bado, nenda kapimwe usikivu, Muhimbili kwenye kitengo cha masikio wanapima, na hospitali nyingine kubwa pia. Usikivu unaopotea kwa kelele haurudi na hauumi ukiwa unaondoka.

Kaka ako wa Keko mwambie yeye asinunue vichujio vyako, mashine ya randa na msumeno wa duara vinahitaji sponji au yale makava makubwa kama hedfoni. Ila kama nae analalamika kichwa, aangalie makava yenyewe, yakibana sana juu ya masikio yanaleta kichwa kama wigi lako, hasa akiwa amevaa miwani ambayo mkono wake unakandamizwa kwenye fuvu na pia unaacha upenyo sauti inapita. Miwani kwa makava haviendani, akivaa miwani avae sponji, na amwonyeshe yule dogo anaemsaidia namna ya kuisokota.